Kalamu nyekundu 1,000 na rimu 40

Mwezi wa tatu tangu nifungue duka langu la steshenari, mama mmoja aliingia na mwanawe akaomba daftari la hesabu, lile la miraba. Sikuwa nalo. Tangu asubuhi nilikuwa nimeshawaambia hivyo wateja wanne. Nyuma yangu rafu zilijaa hadi juu, na chini ya meza kulikuwa na katoni ambazo sijawahi hata kuzifungua. Nikamwomba arudi kesho. Alipoondoka nilifungua droo ya mauzo nikahesabu, na fedha iliyokuwemo haikutosha kununua hata bunda moja la madaftari hayo kwa bei ya jumla. Wakati huohuo kitabu changu cha mapato kilionyesha kwamba nimepata faida kila wiki.

Nimefundisha miaka 34, sehemu kubwa ya miaka hiyo nikifundisha hesabu, kwa hiyo nilirudia kujumlisha mara tatu jioni ile. Hakukuwa na kosa la kujumlisha. Usiku nilifunga mlango nikahesabu kila kitu dukani, kipande kwa kipande, kwa bei niliyonunulia. Nilimaliza kesho yake karibu na adhuhuri. Katika kila sehemu 100 za mtaji wangu, sehemu 48 zilikuwa kwenye bidhaa ambazo kwa wiki nane hazijauzwa hata moja au zimetoka chache mno. Sehemu 31 zilikuwa mikononi mwa watu walionikopa. Sehemu 17 zilikuwa kwenye bidhaa zinazotembea, na 4 tu zilikuwa fedha taslimu. Yaani duka zima lilikuwa linaendeshwa na sehemu 21, na zile 79 zilikuwa zimelala.

Walimu wenzangu wanaokaribia kustaafu huniuliza juu ya biashara hii. Wengi huanza kwa kuuliza mashine ya fotokopi ipi ni nzuri na duka liwe wapi. Hayo tutayazungumza siku nyingine. Leo nataka niwaeleze zile sehemu 79 zilikwenda wapi, maana ni kiinua mgongo changu, na ninajua chenu kitakwenda njia hiyohiyo msipojihadhari.

Nianze na kalamu. Nilipokwenda kwa muuzaji wa jumla mara ya kwanza nilikuwa na orodha niliyoiandika mwenyewe nyumbani, na niliiandika kama mwalimu. Niliweka kila kitu ambacho kwa maoni yangu mwanafunzi na mwalimu wanapaswa kuwa nacho. Kwenye kalamu za bolpeni nikaandika boksi 20 za bluu, 20 za nyeusi na 20 za nyekundu. Boksi moja lina kalamu 50, kwa hiyo nilibeba kalamu 1,000 za kila rangi. Muuzaji alinipunguzia bei kwa sababu nilichukua nyingi, nami nikaona nimefanya biashara nzuri.

Kalamu nyekundu niliishika kila siku kwa miaka 34, ndiyo maana sikufikiria kwamba anayeitumia ni mwalimu peke yake. Mwanafunzi anaandika kwa bluu, ofisi zinataka bluu au nyeusi, na nyekundu ananunua mwalimu mmojammoja, tena mwalimu ambaye mara nyingi shule humpa ya bure. Boksi zangu 20 za bluu ziliisha ndani ya wiki sita za kufungua shule. Nyeusi zilifika nusu. Nyekundu nilikuwa nauza kalamu kama 10 kwa wiki, na kwa mwendo huo zingechukua wiki 100, karibu miaka miwili. Lakini bolpeni haisubiri miaka miwili kwenye duka lenye joto. Zilipofika mwaka mmoja na nusu zikaanza kukwama, mteja anakwaruza karatasi mara tatu ndipo wino unatoka, halafu anairudisha.

Angalia hesabu hii kwa makini, kwa sababu ndiyo iliyonifungua macho. Siku hizi nanunua boksi 5 za kalamu za bluu kila baada ya wiki tatu, na zinaisha. Fedha ninayoiweka kwenye boksi hizo 5 inarudi na kuzunguka mara 17 kwa mwaka, na kila inaporudi inakuja na faida yake. Fedha kama hiyo niliyoiweka kwenye boksi 5 za nyekundu ingezunguka mara mbili kwa mwaka, na hiyo ni kama ningenunua boksi 5 tu. Niliponunua 20, kwa mwaka mzima ilifanya kama nusu ya mzunguko tu. Lile punguzo nililopewa kwa kuchukua nyingi lilikuwa dogo sana mbele ya faida ambayo fedha hiyo ingeniletea kwingine. Kwa hiyo ukiambiwa "chukua katoni nzima nikupunguzie", jiulize kwanza katoni hiyo itaisha baada ya siku ngapi. Kama huwezi kulijibu swali hilo, chukua dazeni moja.

Mali iliyolala haikai salama pia. Nilikuwa nadhani vifaa vya shule haviozi kama nyanya. Vinaoza, ila polepole. Kalamu za maka nilizisimamisha kwenye kikombe zikiangalia juu, wino ukashuka chini, ncha zikakauka zikiwa na vifuniko vyake. Zinatakiwa kulazwa. Gundi ya maji iliganda kwenye chupa. Wino mweupe wa kufutia ulikuwa jiwe. Vifutio vya plastiki nilivitia kwenye kapu moja na rula, na baada ya miezi minne nilipoinua rula moja ilikuja na kifutio kimeganda juu yake. Nilipokibandua kiliacha shimo kwenye rula, alama za sentimita zimeyeyuka. Ile dawa inayofanya kifutio kiwe laini hutoka taratibu na kulainisha plastiki ngumu inayogusana nayo. Nilitupa rula 26. Sasa vifutio vinakaa kwenye boksi lake la karatasi, na kila kimoja kina ganda lake.

Lakini hasara kubwa ya namna hii ilinipata kwenye karatasi. Rimu za A4 huja tano kwa katoni moja, na mimi nilipanga katoni juu ya katoni kwenye sakafu ya saruji, zikiegemea ukuta. Mvua zilipoanza, katoni za chini zilivuta unyevu. Kwa nje huoni kitu. Ukifungua rimu unaona kingo zimejipinda kama wimbi, na ukizitia kwenye mashine ya fotokopi zinaingia mbili mbili au zinakwama. Mteja mmoja alinirudishia rimu 6, na alikuwa na haki. Fundi seremala alinitengenezea kichanja cha mbao chenye urefu wa kiganja kutoka sakafuni, nami nikaacha nafasi ya kiganja kingine kati ya katoni na ukuta. Tangu hapo sijarudishiwa rimu. Tena usichane ganda la rimu kabla ya kuitumia, kwa kuwa ganda lile ndilo linalozuia unyevu.

Sasa namna ninavyonunua. Baada ya usiku ule wa kuhesabu, nilichukua kaunta buku moja nikaipa kila bidhaa inayotembea ukurasa wake. Safu ya kwanza ni tarehe, ya pili ni zilizoingia, ya tatu zilizotoka, ya nne zilizobaki. Kila jioni najaza. Kwa bidhaa ndogo ndogo kama pini na vichongeo sijazi kila siku, nahesabu Jumamosi. Baada ya mwezi mmoja ukurasa wenyewe unakuambia bidhaa inatoka kwa kasi gani, na hapo huhitaji kukisia.

Chukua lile daftari la miraba nililomkosesha yule mama. Ukurasa wake ulionyesha kwamba katikati ya muhula natoa 6 kwa siku. Muuzaji wa jumla huchukua siku 4 tangu nimpigie simu hadi mzigo unifikie. Naongeza siku 3 za akiba, maana gari hukwama au mzigo humwishia na yeye. Siku 7 mara 6 ni 42. Kwa hiyo safu ya zilizobaki ikifika 42, napiga simu siku hiyohiyo, hata kama rafu bado inaonekana imejaa. Mwanzoni nilikuwa nangoja nione rafu ikiwa tupu, na rafu tupu maana yake ni siku 4 za kuwarudisha watu.

Ila hiyo 42 ni ya katikati ya muhula tu. Wiki ya kufungua shule natoa 30 kwa siku, na siku 7 mara 30 ni 210. Kila bidhaa ya mwanafunzi kwenye kitabu changu ina namba mbili, ya muhula na ya kufungua shule, na ukitumia moja kwa majira yote utaumia. Ukitumia ile kubwa mwaka mzima utajaza rafu, ukitumia ndogo utakosa mauzo ya wiki tatu ambazo ndizo zinazobeba mwaka. Siku hizi nanunua mzigo wa kufungua shule kwa awamu mbili. Ya kwanza naichukua wiki tatu kabla, nusu tu ya ninachotarajia. Ya pili naichukua wiki ya kwanza ya masomo, baada ya kuona ni nini kinachoombwa kweli mwaka huo. Wiki ya tatu ikiisha sinunui tena kwa namba kubwa, hata muuzaji anibembeleze vipi. Kalenda na shajara ndizo ninazoziogopa zaidi. Mwaka ukishaanza, kila siku inayopita inazipunguzia thamani, kwa hiyo nachukua chache na zikiisha nasema zimeisha.

Kwenye kila katoni inayoingia naandika kwa penseli mwezi na mwaka, pembeni chini. Zilizotangulia kuingia zinakaa mbele, mpya zinakaa nyuma. Mwisho wa muhula napita na taa nikisoma zile alama. Katoni yenye alama ya muhula uliopita na bado haijafunguliwa, najua kuna tatizo. Kalamu nyekundu niliziuza hivyo: nilizifungasha tanotano pamoja na kaunta buku ya maandalio ya somo, nikawauzia walimu, kalamu zenyewe nikazihesabia bei niliyonunulia. Iliniuma kuuza bila faida. Lakini fedha ile siku ya pili ilikuwa imeshageuka madaftari ya miraba.

Hadi hapo nimeeleza sehemu 48. Zile 31 zilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu zinahusu watu.

Nilifungua duka katika eneo ambalo nusu ya walimu nimefanya nao kazi na vijana wengi nimewafundisha. Mtu anaingia, "Shikamoo mwalimu," tunaongea, halafu anasema, "Mwalimu, naomba rimu mbili, mwisho wa mwezi nitakuletea." Unamjibu nini mtu uliyekaa naye ofisi moja miaka kumi? Niliandika kwenye kipande cha karatasi na kukichomeka kwenye msumari. Baada ya miezi mitatu msumari ule ulikuwa na madeni ya watu 23. Niliyapanga yote kwa tarehe. Watu 14 walilipa ndani ya mwezi, kama walivyosema. Watano walilipa baada ya kukumbushwa, mmoja wao mara tatu. Wanne hawakulipa, na watatu kati yao hawajalipa hadi leo.

Wale wanne hawakunipotezea mali peke yake. Mwalimu mmoja aliyekuwa akinunua kwangu kila wiki kwa fedha taslimu alichukua bidhaa kwa mkopo mara moja, akashindwa kulipa mwezi ule, akaona haya. Akaanza kupita upande wa pili wa barabara. Baadaye nilimwona akitoka na mfuko kwenye duka jingine, amenunua kwa fedha taslimu. Deni lake lilikuwa dogo, rimu mbili tu, lakini lilinigharimu mteja wa miaka. Nilipolielewa hilo ndipo nilipopata ujasiri wa kukataa, kwa sababu niliona kwamba kumkopesha rafiki kunaweza kumfukuza kuliko kumnyima.

Siku hizi ninayemkopesha ni yule ambaye jina lake limo kwenye daftari la madeni, na daftari hilo lina safu tano: jina, tarehe, alichochukua, kiasi, na tarehe aliyoahidi. Anaandika mwenyewe tarehe ya kulipa na kutia saini. Mtu akiandika kwa mkono wake huikumbuka. Haongezwi deni la pili kabla la kwanza halijaisha, hata awe nani. Kila Jumamosi najumlisha daftari zima, nikitenga yaliyo ndani ya siku 30, yaliyopita 30 na yaliyopita 60. Kwangu mimi, deni lililopita siku 60 bila neno lolote kutoka kwa mdaiwa ni nadra kurudi, kwa hiyo kazi yote ya kukumbusha naifanya kabla ya hapo. Naandika ujumbe mfupi siku moja kabla ya tarehe yake: "Mwalimu, habari za kazi. Kesho ni tarehe uliyoniandikia kwa zile rimu 2. Nitakuwa dukani hadi saa 12 jioni." Sitaji ndoa yake wala mshahara wake, na sitangulizi maneno ya kuomba radhi. Asipoweza, namwambia alete robo, na aje mwenyewe. Akishaingia mlangoni mara moja, aibu inapungua.

Na anayekuja mara ya kwanza kuomba mkopo namjibu hivi: "Mwalimu, mzigo huu nami nimeuchukua kwa deni, ninaulipia Ijumaa. Chukua rimu moja kwa fedha uliyonayo, ya pili ninakuwekea pembeni hadi mwisho wa mwezi." Wengi wanakubali. Rimu iliyowekwa pembeni bado ni yangu.

Lakini watu 23 kwa pamoja hawakufikia nusu ya zile sehemu 31. Kilichobaki chote kilikuwa shule moja.

Mwalimu mkuu wake tulifahamiana. Alinipigia simu, mitihani imekaribia, anahitaji rimu 40. Nilifanya hesabu papo hapo: wanafunzi 400, masomo 8, kila mtihani karatasi 6, jumla karatasi 19,200. Rimu moja ina karatasi 500, kwa hiyo ni rimu 38 na ziada kidogo, na zitakazoharibika kwenye mashine zinaifikisha 40. Hesabu yake ilikuwa ya kweli kabisa, na ukweli huo ndio ulionituliza. Nilipima kama wanazihitaji karatasi. Sikuuliza kama wana fedha ya kuzilipia, imepangwa kwenye kifungu gani, na itaingia lini.

Sikuwa na rimu 40 dukani. Nilichukua katoni 8 kwa muuzaji wa jumla kwa ahadi ya kulipa baada ya siku 30. Nikazipeleka shuleni, mtunza stoo akazipokea na kusaini karatasi yangu ya kupelekea mzigo. Hapakuwa na muhuri, hapakuwa na agizo la maandishi, lilikuwepo tu lile neno la simu. Siku 30 zilifika, muuzaji akataka fedha yake, shule ikasema bado fedha haijaingia. Nililipa kutoka kwenye akiba ya kustaafu. Muhula ukaisha, mwalimu mkuu akahamishwa. Nilipokwenda kwa aliyempokea, alinikaribisha vizuri akanipa kiti. Akasema, "Mzee wangu, sina shaka na wewe. Lakini katika makabidhiano sikukuta karatasi yoyote yenye deni hili. Nikikulipa, nitaulizwa nimelipa kwa idhini ipi."

Nilimkasirikia siku ile. Leo naona alisema sawa. Mkuu wa shule hawezi kutoa fedha ya shule kwa neno la simu alilosema mwenzake.

Niliporudi nilifanya hesabu nyingine. Kwenye rimu nilikuwa napata faida ya sehemu moja ya kumi ya bei ya kuuzia. Maana yake, ikipotea rimu moja, gharama yake ni sehemu tisa, na ili kuirudisha lazima niuze rimu tisa kwa fedha taslimu. Rimu 40 zikipotea, lazima niuze rimu 360 ndipo nirudi nilipokuwa, bila kupata chochote cha kula. Nilikuwa nauza rimu 5 kwa wiki. Hizo ni wiki 72. Bidhaa yenye faida ndogo ndiyo hatari zaidi kukopesha, na karatasi ndiyo inayoombwa kwa mkopo mara nyingi kuliko kitu kingine dukani.

Kilichoniokoa ni leja ya stoo. Nikiwa mwalimu nilishawahi kusimamia stoo ya shule, nikakumbuka kwamba kila kinachoingia lazima kiandikwe humo. Nilimwomba mkuu mpya tuiangalie pamoja. Mtunza stoo alikuwa ameandika tarehe, "karatasi A4, rimu 40," na pembeni namba ya karatasi yangu ya kupelekea mzigo, namba ileile iliyokuwa kwenye nakala niliyobaki nayo. Hapo mkuu mpya alipata kitu cha kupeleka kwenye kikao cha bodi. Bodi iliridhia nilipwe kwa awamu nne. Malipo ya mwisho yalikuja miezi 11 baada ya siku ile ya simu. Nililipwa zote 40, lakini msimu mzima wa kufungua shule ulipita nikiwa sina fedha ya kununua madaftari.

Leo taasisi yoyote ikitaka mzigo kwangu kwa mkopo, naanza na agizo la maandishi lenye saini ya mwenye mamlaka ya kutumia fedha, na muhuri. Karatasi ya kupelekea mzigo ina nakala tatu. Anayepokea anaandika jina lake kamili, tarehe, idadi kwa tarakimu na kwa maneno, anatia saini na muhuri. Moja inabaki kwake, moja inakwenda kwa mhasibu pamoja na ankara, moja ninarudi nayo. Ankara inataja tarehe ya mwisho ya kulipa. Karani wa shule akiniambia muhuri uko na mkuu na mkuu hayupo, naurudisha mzigo dukani. Nimeshafanya hivyo mara mbili, na mara zote mbili nilipigiwa simu kesho yake muhuri ukiwa tayari.

Mzigo mkubwa naupeleka kwa vipande. Shule ikitaka rimu 40, napeleka 10 na agizo lote likiwa mkononi, wakilipa 10 napeleka 10 nyingine. Mitihani haichapwi siku moja, kwa hiyo utaratibu huo hauwazuii kufanya kazi. Na kiwango changu cha kukopesha nakipima hivi: kama mwezi huu hakuna mdaiwa hata mmoja atakayelipa, je, nitaweza kumlipa muuzaji wa jumla kwa tarehe yake na bado nikanunua bidhaa zinazotembea? Jibu likiwa hapana, daftari la madeni linafungwa hadi litakapopungua, na ninamwambia hivyo kila anayekuja.

Mwezi uliopita nilihesabu tena duka lote, ninafanya hivyo kila mwisho wa muhula. Bidhaa ambazo hazikutembea kwa wiki nane zilikuwa sehemu 12 katika 100, nyingi zikiwa bahasha kubwa ambazo ofisi moja iliacha kuzitumia. Madeni yalikuwa 9. Jumamosi ile yule mwalimu aliyekuwa akipita upande wa pili wa barabara aliingia, akasimama mbele ya meza, akatoa fedha ya rimu mbili iliyokunjwa mara nne. Nilifungua daftari, nikalikata jina lake mbele yake, naye akaweka saini. Kisha akaomba kalamu nyekundu moja, akailipia.